Betri, Glopu na Waya Mmoja

Katika filamu ya elimu iliyotolewa mwaka 1997 na kituo cha utafiti cha Harvard-Smithsonian nchini Marekani, vijana waliomaliza masomo MIT, chuo kinachosifika duniani kwa sayansi na uhandisi, wanasimamishwa wakiwa bado na majoho ya mahafali. Wanaulizwa swali jepesi: ukipewa betri moja, glopu moja ya tochi na kipande cha waya, utaweza kuiwasha glopu? Wengi wanajibu bila kusita kwamba wataweza. Wanapokabidhiwa vifaa vyenyewe, baadhi yao wanaanza kugeuza waya huku na huku, wanagusisha hapa, wanajaribu pale, na glopu inabaki giza.

Vijana hao walikuwa wamefaulu mitihani migumu ya fizikia. Fomula walizijua, na michoro ya saketi yenye alama zake walikuwa wameichora mara nyingi. Walichokosa ni picha ya njia ambayo umeme unapita, kuanzia ndani ya betri, kuingia ndani ya glopu, kutoka, na kurudi ulikotoka. Mwalimu wa Kidato cha Pili anayeandaa somo la umeme wa mkondo hana budi kujiuliza: ikiwa hao walikwama, wanafunzi wake 64 watakwama wapi?

Jibu linajulikana vizuri kuliko walimu wengi wanavyodhani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtafiti Roger Osborne wa Nyuzilandi aliwahoji watoto juu ya betri na glopu, akagundua kwamba mawazo yao hayatawanyiki ovyo. Yanaangukia katika mafungu machache, na mafungu hayohayo yamekutwa baadaye katika nchi nyingine nyingi.

Fungu la kwanza ni la wanaoamini kwamba waya mmoja unatosha: umeme unatoka kwenye betri, unafika kwenye glopu, kazi imekwisha. Fungu la pili wanakubali kwamba waya mbili zinahitajika, lakini wanadhani kila waya unaleta umeme wake, chanya kutoka huku na hasi kutoka kule, na mwanga unatokea pale zinapogongana ndani ya glopu. Fungu la tatu wanasema umeme unazunguka, ila glopu inakula sehemu yake, hivyo unaorudi ni mchache kuliko uliotoka. Wachache ndio wanaosema anachosema mwanafizikia, kwamba mkondo unaoingia kwenye glopu na unaotoka ni sawasawa.

Mtu anayefikiri kwa Kiswahili ana sababu za ziada za kuingia katika fungu la kwanza au la tatu. Lugha yenyewe inamsukuma. Friji bovu "linakula umeme". Tochi hafifu "imeisha betri". Fundi anatahadharisha juu ya "waya wa moto", na msikilizaji anabaki na picha kwamba waya huo ndio unaoleta kila kitu, wa pili ni nyongeza tu. Nyumbani, glopu ya darini inaning'inia kwenye kitu kinachoonekana kama waya mmoja, maana nyaya mbili zimefichwa ndani ya ganda moja la plastiki. Mtoto hajakosea kwa uvivu. Amekusanya ushahidi wa miaka 14 na kuupanga vizuri kadiri alivyoweza.

Ndiyo maana somo linaloanza na maelezo ya mwalimu ubaoni hupita juu ya wazo hilo bila kuligusa. Mwanafunzi ananakili kwamba saketi lazima iwe kamili, anaikariri, na kesho yake bado anaamini glopu inakula mkondo. Kauli hizo mbili zinakaa kichwani mwake kila moja chumba chake, moja ya mtihani na moja ya maisha.

Njia ya kuzikutanisha ilipewa umbo linalojulikana na Richard White na Richard Gunstone wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, katika kitabu chao cha mwaka 1992. Ina hatua tatu: tabiri, angalia, eleza. Mwanafunzi anaonyeshwa vifaa kabla havijaunganishwa, anaandika kitakachotokea na sababu yake, kisha anaangalia, kisha anapatanisha alichotabiri na alichoona. Inasikika rahisi. Ugumu wake uko katika andalio la somo, hasa katika kuchagua ni jaribio gani litabiriwe. Jaribio ambalo makundi yote matatu yatalitabiri vilevile halimfunzi yeyote kitu.

Tuchukue vipindi viwili vilivyounganishwa, dakika 80, darasa la wanafunzi 64. Wakigawanywa wanne wanne yanapatikana makundi 16. Kila kundi linahitaji betri moja kubwa ya tochi ya volti 1.5, glopu moja ya tochi na waya mmoja wa urefu wa kiganja na nusu. Katikati ya somo makundi yataungana mawili mawili, hivyo glopu mbili na betri mbili zitapatikana bila mwalimu kununua nyingine. Waya peke yake ndizo zitahitajika zaidi, tatu kwa kila makundi mawili, jumla 24.

Glopu ndiyo inayosumbua siku hizi. Tochi nyingi madukani sasa zina taa za LED, na mwalimu aliyeng'oa taa hizo kwa ajili ya somo atashangaa kuona haziwaki. LED nyekundu inahitaji karibu volti 2, nyeupe karibu 3, na zote zinawaka zikiunganishwa upande mmoja tu. Betri moja haiwezi kuziwasha. Mbaya zaidi, mwanafunzi aliyeunganisha sawasawa atahitimisha kwamba amekosea. Kinachotakiwa ni glopu ya zamani yenye uzi mwembamba ndani, ile iliyoandikwa kwenye shingo yake 2.5 V na 0.3 A. Bado zinapatikana kwa wauza vifaa vya umeme na kwenye tochi za zamani zilizotupwa uvunguni. Kwa betri moja itawaka kwa mwanga wa njano hafifu kidogo, na hiyo inatosha kabisa kwa kazi hii. Ni afadhali pia kufunga madirisha ya upande wa jua, maana mwanga hafifu mchana kweupe haumshawishi mtu.

Waya nao una mtego wake. Waya mwekundu unaong'aa uliofumuliwa kutoka kwenye mota au redio mbovu unaonekana kama shaba tupu, kumbe umepakwa vanishi inayozuia umeme. Ncha zake lazima zisuguliwe kwa msasa mpaka rangi ibadilike. Waya wa kawaida wenye ganda la plastiki unachunwa sentimita mbili kila upande. Mwalimu anayefanya hivyo jioni ya siku iliyotangulia, akajaribu kila glopu kwa mkono wake, anaokoa dakika kumi za kipindi.

Somo linaanza bila vifaa mezani. Mwalimu anainua betri, glopu na waya juu ili wote waone, kisha anaviweka chini. Kila mwanafunzi, peke yake, anachora namna atakavyoviunganisha ili glopu iwake, na chini ya mchoro anaandika sentensi moja: kwa nini itawaka. Anaruhusiwa kuandika kwa Kiswahili, hata kama lugha ya kitabu ni Kiingereza, kwa sababu kinachotafutwa ni wazo lake lenyewe. Anachora kwa kalamu ya wino, asije akafuta. Utabiri hausahihishwi wala hautolewi maksi, na mwalimu anatamka hivyo waziwazi, kwa kuwa wanafunzi wetu wamezoea kwamba kila karatasi inayokusanywa ina alama nyekundu mwishoni.

Hatua hii ya kuandika kwanza ndiyo ambayo mwalimu mwenye haraka huiruka. Anauliza darasa kwa mdomo, mwanafunzi anayejulikana kwa akili ananyoosha mkono, anasema lake, na wengine 63 wanagundua kwamba na wao walikuwa wakifikiri hivyohivyo. Utabiri wa namna hiyo hauna mwenyewe. Ukiangushwa na jaribio, hakuna anayeumia, na hakuna anayejifunza. Aliyechora kwa wino ana kitu chake mezani, naye atataka kujua kimempata nini.

Wakati wanachora, mwalimu anapita kati ya madawati akihesabu kimyakimya. Atakuta mchoro wa waya mmoja kutoka kichwa cha betri hadi kitako cha glopu, na glopu imesimama mbali na betri. Atakuta waya uliounganishwa kwenye vichwa vyote viwili vya betri, glopu imeegeshwa juu ya waya. Atakuta glopu imekaa juu ya betri peke yake na waya unaning'inia. Anachagua michoro minne inayotofautiana, anaichora ubaoni bila majina, na darasa linapiga kura kwa kila mmoja. Idadi za kura zinabaki ubaoni.

Kisha vifaa vinagawiwa, na darasa linalipuka kwa kelele za kazi. Dakika 20 hazitoshi wala hazizidi. Kuna amri moja tu ya usalama hapa: waya ukipata moto mkononi, achia. Atakayeunganisha waya moja kwa moja kutoka kichwa cha betri hadi kitako chake, bila glopu njiani, atausikia ukipata joto ndani ya sekunde chache, na betri itachoka upesi. Si hatari kwa betri ya tochi, na kwa kweli ni ugunduzi wenye faida, kwani mwanafunzi amegusa kwa vidole ushahidi kwamba kitu kinapita ndani ya waya hata pasipo mwanga. Lakini mwalimu lazima aseme kwa ukali kwamba jaribio hili halifanywi kwa betri ya gari, betri ya simu, wala soketi ya ukutani. Betri ya gari inaweza kuufanya waya uwe mwekundu papo hapo; ya simu inaweza kuwaka moto; soketi inaua.

Kundi la kwanza litakalofaulu litapiga kelele. Wengine watakimbilia kunakili. Mwalimu hazuii, ila anawapa walionakili swali la pili: tafuteni njia nyingine. Zipo nne. Glopu inaweza kukalia kichwa cha betri kwa kitako chake, huku waya ukitoka kitako cha betri na kugusa ubavu wa glopu. Inaweza kukaa vilevile juu ya kitako cha betri. Na katika kila moja ya hali hizo mbili, glopu inaweza kulazwa ubavu ndio uguse betri, waya uguse kitako chake. Hakuna njia ambayo ubavu wa glopu peke yake, au kitako chake peke yake, unafaa. Kundi lililopata njia zote nne limekwisha kugundua jambo ambalo wahitimu wenye majoho hawakulijua: glopu ina milango miwili.

Hapa ndipo inafaa glopu moja iliyoungua ifunguliwe. Mwalimu anaizungushia kitambaa, anaivunja kioo kwa uangalifu mbele ya darasa, na kuipitisha kwenye kisahani. Wanafunzi wanaona vijiti viwili vinavyoshika uzi. Kimoja kinashuka hadi kwenye doa la risasi kitakoni, kingine kinapinda na kushikana na chuma cha ubavuni. Kati ya doa na ubavu kuna pete nyeusi ambayo haipitishi umeme. Wengi walidhani vijiti vyote viwili vinaishia kitakoni. Ukidhani hivyo, mchoro wa waya mmoja unaonekana wa busara kabisa.

Ndiyo sababu katika sehemu hii ya kwanza hatupaswi kutumia kishikizo cha glopu. Shule iliyobahatika kuwa na vishikizo vizuri vya maabara, vyenye skrubu mbili pembeni, hujikuta inaficha jambo lenyewe lililokusudiwa kufunzwa. Mwanafunzi anafunga waya mbili kwenye skrubu mbili, glopu inawaka, na hajui hata kidogo kilichotokea chini ya glopu. Vishikizo vitakuja sehemu ya pili.

Kwa kufika hapo, wazo la waya mmoja limeanguka. Limeanguka kwa wanafunzi wote? Hapana. Daima yuko mmoja atakayenyoosha mkono na kusema, mwalimu, mbona taa ya baiskeli ya baba ina waya mmoja tu kutoka kwenye dainamo? Au mbona taa ya bodaboda ina waya mmoja unaokwenda na mwingine umefungwa tu kwenye chuma? Swali hilo ni zuri kuliko mengi, na mwalimu asiyejiandaa atalizima kwa kusema tutalijadili siku nyingine. Kwenye baiskeli, fremu yenyewe ndiyo waya wa pili. Umeme unakwenda kwa waya na kurudi kwa chuma cha fremu. Fundi akipaka rangi nzito mahali taa inapofungwa, taa inagoma mpaka rangi ikwanguliwe. Tochi ya bati inafanya vilevile, mwili wake ukiwa ni njia ya kurudi. Ila mwalimu asitoe jibu hilo mapema. Aliandike swali kwenye kona ya ubao na kuliacha hapo, lina kazi mwishoni.

Sehemu ya pili inalenga wazo gumu zaidi, la glopu inayokula mkondo. Makundi mawili mawili yanaungana. Kila makundi mawili sasa yana betri mbili, glopu mbili na waya tatu, pamoja na vibanio vya nguo vya kushikia waya penye glopu. Mwalimu anachora ubaoni betri mbili zilizofuatana, waya kwenda glopu ya kwanza, waya kwenda ya pili, waya kurudi. Kabla mtu hajagusa kitu, kila mmoja anaandika: ipi itawaka zaidi, ya kwanza, ya pili, au zitakuwa sawa? Na kwa nini?

Katika madarasa mengi kundi kubwa litasema ya kwanza. Sababu zao zinafanana kama watoto wa mama mmoja: ya kwanza inapata umeme mwingi kwa sababu iko karibu na betri, ya pili inapata mabaki. Mwalimu anaandika kura ubaoni. Sasa wanaunganisha.

Glopu zinawaka sawa. Au, kwa usahihi zaidi, zinawaka sawa ikiwa mwalimu alifanya kazi yake jana. Glopu mbili za tochi zilizotoka kwenye boksi moja zinaweza kutofautiana, na moja iliyoandikwa 2.5 V ikiunganishwa na nyingine ya 3.8 V zitatofautiana waziwazi. Jaribio la namna hiyo likifeli, linafeli vibaya: wanafunzi wanaona kwa macho yao glopu ya kwanza ikiwaka zaidi, na wazo potofu linapata muhuri wa maabara. Kinga ni kuzipanga glopu jozi siku iliyotangulia. Mwalimu anaunganisha mbili mbili kwa mfuatano na betri mbili, anazitazama katika chumba chenye giza kiasi, na zile zinazolingana anazitia alama moja kwa rangi ya kucha.

Hata hivyo litatokea kundi litakalosisitiza kwamba ya kwanza inang'aa zaidi kidogo. Jicho huona linachokitegemea. Dawa yake ni kuwaambia wabadilishe glopu nafasi, ya kwanza ikae ya pili. Kama mwanga ulihama pamoja na glopu, tofauti iko kwenye glopu. Kama ulibaki pale pale, tofauti iko kwenye nafasi. Hatua hiyo ya dakika mbili inafaa kuandikwa ndani ya andalio kwa wino mzito, kwani ndiyo inayoitenganisha hoja na bahati.

Sasa mwalimu mzoefu anatua na kujiuliza jambo moja. Usawa wa mwanga umeliangusha wazo la glopu kula mkondo. Je, umeliangusha na lile la mikondo kugongana? Bado. Mwanafunzi anayeamini kwamba chanya inatoka huku na hasi inatoka kule atatabiri kwamba glopu mbili ziwake sawa, kwa kuwa kila moja iko jirani na mlango wake wa betri. Amepiga kura ya "sawa", kura yake imeshinda, na anarudi kitini akiwa na wazo lilelile aliloingia nalo. Mwalimu aliyehesabu kura bila kusoma sababu angempongeza. Hii ndiyo faida ya ile sentensi ya "kwa nini" chini ya kila utabiri.

Kinachohitajika kwake ni jaribio linaloonyesha mwelekeo. Amita moja ya shule inatosha, ile ya mshale yenye kipimo cha hadi ampea 1, nayo inakaa meza ya mbele. Inaunganishwa ndani ya saketi, kamwe isiwekwe moja kwa moja kwenye betri bila glopu, maana inaungua. Kwanza inawekwa kati ya kichwa cha betri na glopu ya kwanza, mlango wake mwekundu ukielekea kichwa cha betri. Mshale unakwenda kulia, tuseme hadi 0.2. Kabla ya kuihamishia upande wa kurudi, kati ya glopu ya pili na kitako cha betri, wanafunzi wanatabiri mara ya tatu: mshale utasoma ngapi, na utakwenda upande gani? Wa mikondo inayogongana anapaswa kusema kwamba, mlango mwekundu ukielekea sasa kwenye glopu, mshale utarudi nyuma na kugonga ukingo wa kushoto, kwani kwake umeme unatoka pia kitakoni mwa betri. Wa kula mkondo anapaswa kusema utakwenda kulia lakini usifike 0.2. Mshale unakwenda kulia hadi 0.2.

Itumike amita hiyohiyo moja, ihamishwe. Amita mbili za shule mara nyingi hazisomi sawa hata zikiwa kwenye waya uleule, na tofauti ya chembe moja inatosha kumpa mwanafunzi pa kujificha.

Lakini kumwonyesha mtoto kwamba amekosea ni nusu ya kazi, tena nusu nyepesi. Aliyesema glopu inakula kitu hakuwa mjinga. Betri inaisha kweli. Uniti za LUKU zinaisha kweli, na mama anazilipia. Mwanafunzi ana haki ya kuuliza, kama mkondo hauliwi, kinacholiwa ni nini? Mwalimu akimnyima jibu hilo, ataurudia mkondo ulioliwa kabla ya jioni.

Jibu linafaa kupitia mikononi. Mwalimu anatoa kamba ndefu iliyofungwa ncha kwa ncha, wanafunzi kumi na wawili wanasimama kwa duara wakiishika kwa kulegeza. Yeye anaivuta kwa mikono miwili mfululizo upande mmoja. Yeye ni betri. Mwanafunzi mmoja upande wa pili anaambiwa aibane kidogo. Huyo ni glopu. Kamba inazunguka. Inaingia kwenye mkono wa aliyebana kwa mwendo uleule inaotoka nao, hakuna sentimita iliyopotea. Lakini kiganja chake kinapata joto, na mwalimu anachoka. Nguvu imetoka kwa anayevuta, ikafika kwa anayebana, ikageuka joto. Kamba imeibeba tu na kuendelea na safari. Ndivyo ilivyo kwa LUKU pia, kwani uniti moja ni kilowati-saa moja, kipimo cha nishati. Mkondo ulioingia nyumbani umetoka wote.

Kamba inajibu na swali jingine ambalo huwasumbua wengi: mbona glopu inawaka papo hapo? Katika waya wa shaba wenye unene wa nusu milimita, kwa mkondo wa ampea 0.2, elektroni husogea kwa wastani chini ya moja ya kumi ya milimita kwa sekunde. Kuvuka waya wa sentimita 30 zingetumia zaidi ya saa nzima. Glopu haizingoji. Waya ulikuwa umejaa tayari, kama duara la kamba lilivyokuwa limetimia kabla ya kuvutwa, na betri ilipoanza kusukuma, zote zilianza kusogea pamoja. Kamba ina mipaka yake: saketi ikigawanyika njia mbili, kamba haiwezi kugawanyika, na mwalimu atahitaji mfano mwingine kwa kipindi kijacho. Ni vyema aliseme hilo kuliko kuuvuta mfano hadi ukatike.

Bado kuna jambo moja la kuogopa. Colin Gauld, aliyefuatilia wanafunzi wa Nyuzilandi waliokuwa wamefundishwa kwa majaribio ya namna hii, alikuta kwamba miezi kadhaa baadaye baadhi yao walikuwa wamerudi kwenye wazo la zamani. Si hivyo tu: walikumbuka kwamba mita zilikuwa zimesoma tofauti pande mbili, jambo ambalo halikutokea. Kumbukumbu ilikuwa imeurekebisha ushahidi ufuate imani. Kwa hiyo karatasi za utabiri hazitupwi. Zinarudishwa kwa wenyewe, na chini ya kila utabiri mwanafunzi anaandika alichoona, nambari na yote, na sentensi ya kupatanisha hivyo viwili. Karatasi inagundishwa kwenye daftari, nayo inafunguliwa tena mwanzoni mwa kipindi kijacho, pale mwalimu atakapochora glopu mbili zilizowekwa sambamba badala ya kufuatana.

Dakika tano za mwisho ni za lile swali lililokaa kwenye kona ya ubao. Kila mwanafunzi anachora baiskeli, dainamo, taa na waya wake mmoja, kisha anaonyesha kwa mishale njia nzima ya mkondo. Mwalimu anakusanya na kuzipanga jioni katika mafungu matatu. Kuna wenye mshale unaoishia kwenye taa. Hao waya mmoja bado unawatosha. Kuna wenye mishale miwili inayokutana ndani ya taa. Na kuna waliopitisha mshale kwenye taa, ukashuka kwa uma wa mbele ukiwa na unene uleule, ukarudi kwenye dainamo. Hesabu ya mafungu hayo anaiandika kwenye sehemu ya tafakari ya andalio lake, ndiyo itakayomwambia aanze wapi Alhamisi.